Daftari linasema hakuna fakture iliyolipwa mara mbili, muuzaji mwenyewe anasema ipo (Lubumbashi)

mhasibu_kampemba

Jamboni wote. Ninafanya uhasibu kwenye kampuni ndogo ya usafiri hapa Lubumbashi. Tunabeba mizigo ya migodi, Likasi na Kolwezi. Wiki iliyopita mzee mmoja anayetuuzia matairi alinipigia simu akaniambia, kijana, mmenilipa mara mbili ile fakture ya mwezi wa tatu, angalieni. Nilishtuka sana, maana mimi ndiye niliyetayarisha malipo yote mawili bila kujua.

Nikasema kama ipo hiyo moja, huenda ziko nyingine. Nikachukua daftari la malipo kuanzia Januari hadi Septemba 2024, mistari 1 840, nikaweka kwenye Excel. Tarehe ya malipo iko safu ya B, kodi ya muuzaji, yaani namba yake kwenye orodha yetu, C, kiasi E. Nikaandika hivi, ihesabu mistari inayofanana kwa vyote vitatu:

```
=NB.SI.ENS($B$2:$B$1841;B2;$C$2:$C$1841;C2;$E$2:$E$1841;E2)
```

Nikachuja kila mstari wenye jibu kubwa kuliko 1. Zikatoka jozi saba. Nimezikagua moja moja kwa karatasi. Nne ni mafuta: magari mawili yalijaza siku moja, lita zilezile, boni mbili tofauti. Mbili ni fakture tulizozigawa nusu kwa nusu kati ya Likasi na Kolwezi. Moja iliandikwa mara mbili kwenye daftari, lakini benki ilitoa pesa mara moja tu. Kwa hiyo kati ya saba, iliyolipwa mara mbili kweli ni sifuri.

Na ile ya matairi ambayo nina hakika nayo haikutoka kabisa! Dola 4 848,80, mara mbili, ziko kwenye daftari, ninaziona kwa macho. Nimekosea wapi?

fundi_wa_jedwali

Ndugu, unajichosha bure. Excel ina kitufe cha Supprimer les doublons. Chagua safu tatu, bonyeza, imekwisha. Halafu mbona unatumia kiasi na tarehe? Tumia namba ya fakture. Fakture moja ina namba moja, ikijirudia umeshaikamata.

mama_hesabu

Mwanangu wa Kampemba, usibonyeze hicho kitufe juu ya daftari lenyewe. Kitufe hicho kinafuta mstari wa pili, na mstari wa pili ndio ushahidi unaoutafuta. Ukishafuta, jumla ya daftari haitalingana tena na benki, na hutajua ni nini kilichoondoka.

Fundi ana haki kidogo kuhusu namba ya fakture. Ikiwa imeandikwa vilevile mara mbili, hakuna ushahidi wenye nguvu kuliko huo, na programu nyingi za uhasibu zinakataa zenyewe kupokea namba moja mara mbili kwa muuzaji mmoja. Ndiyo maana zinazopita ni zile ambazo namba iliandikwa tofauti. Nimekagua hesabu hapa mjini miaka mingi, na namba ya fakture huandikwa kwa mkono wa yule aliyepo siku hiyo: leo 0147, kesho F-147, keshokutwa 147/24. Kwa mashine hizo ni fakture tatu. Kiasi kinabaki kilekile, kwa sababu kila mtu anaogopa kukosea kiasi.

Sasa nijibu haya mawili. Malipo mawili ya matairi yalitoka tarehe ngapi? Na huyo mzee yumo mara ngapi kwenye orodha yenu ya wauzaji?

mhasibu_kampemba

Aksanti mama. La kwanza lilitoka 14/03, la pili 02/04.

La orodha... nimeangalia sasa hivi. Yumo mara mbili. F0112 ni jina lake yeye kama mtu, F0387 ni jina la duka lake. Kodi ya pili ilifunguliwa mwezi wa tatu na mwenzangu wa zamu.

mama_hesabu

Basi umeona. Fomula yako ilifanya kazi yake, swali uliloipa ndilo lililokuwa jembamba. Uliiambia: nitafutie malipo ya siku moja, kodi moja, kiasi kimoja. Fakture ile ilipishana siku 19 na kodi mbili.

Fikiri jinsi kosa lenyewe linavyotokea. Muuzaji anatuma picha ya fakture kwa simu ili alipwe upesi, mnalipa. Baada ya wiki mbili au tatu karatasi yenye muhuri inafika ofisini, mtu mwingine anaipokea, anaona haina alama ya kulipwa, anaiingiza. Hapo ndipo pesa inatoka tena. Fakture ileile kulipwa mara mbili siku moja ni nadra, kwa sababu anayesaini anakuwa na hati mbili mezani zinazofanana na atauliza. Kwa hiyo kati ya vitu vyako vitatu, tarehe ndiyo dhaifu kuliko vyote. Usitake tarehe ziwe sawa, taka ziwe karibu.

Karibu kiasi gani? Angalia desturi yenu. Mnalipa kila baada ya wiki ngapi?

mhasibu_kampemba

Kila wiki mbili, Alhamisi. Ila yale ya dharura yanatoka siku yoyote.

mama_hesabu

Anza na siku 45. Hiyo inameza zamu tatu za malipo, karatasi iliyochelewa itakuwa imeshafika. Na kodi iache, tumia kitu ambacho mwenzako wa zamu hawezi kukibuni: namba ya akaunti ya benki ya muuzaji. Pesa ya F0112 na ya F0387 bila shaka iliingia akaunti moja.

duka_la_katuba

Samahani nawaingilia. Mimi nilitumiwa makuta mara mbili na mteja kwa simu, dola 60, halafu anataka nirudishe zote wakati gharama ya kutuma ilinikata mimi. Je, nina haki ya kukata gharama?

mama_hesabu

Papa wa Katuba, hilo ni la kuelewana wewe na mteja wako, hapa tunatafuta yaliyofichika ndani ya daftari. Lakini niambie kitu kimoja, kitatusaidia: pesa ile umemrudishia mkononi, au umeikata kwenye mali aliyochukua baadaye?

duka_la_katuba

Nimemkatia kwenye mzigo wa pili. Alichukua mali ya 95, nikamwandikia 35. Ni mteja wangu siku zote.

mama_hesabu

Umesikia, Kampemba? Wauzaji wengi wanafanya hivyohivyo, kwa moyo safi. Ukimkuta muuzaji alilipwa mara mbili mwezi wa tatu, usimwandikie barua ya kudai kabla ya kuomba orodha yake ya hesabu na nyinyi. Huenda mwezi wa tano alishapunguza kwenye fakture nyingine. Utamdai mtu asiyedaiwa.

fundi_wa_jedwali

Mama amesema akaunti ya benki, nakubali. Kampemba, vuta namba za akaunti kutoka orodha ya wauzaji, weka safu ya F, kisha NB.SI.ENS juu ya F na E pamoja na siku 45. Dakika mbili tu.

mhasibu_kampemba

Yaya fundi, nimefanya ulivyosema na nimepata maajabu. Ili nione kwanza kama akaunti zimekaa vizuri, nilihesabu F peke yake. Wauzaji karibu wote wa benki moja wanahesabiwa kama mtu mmoja! Mwenye matairi, mwenye mafuta na fundi wa umeme, wote watatu wana jibu 212. Nimezitazama namba zao, zinafanana mwanzoni lakini mwisho ni tofauti kabisa. Nimezifunga kama maandishi, sifuri za mbele zipo. Kwa nini inaziona ni moja?

fundi_wa_jedwali

Labda una nafasi tupu ndani ya seli. Jaribu kuzisafisha.

mhasibu_kampemba

Nimesafisha. Jibu lilelile, 212.

nabii_wa_data

Si nafasi tupu. Ni tabia ya NB.SI na NB.SI.ENS zenyewe. Hata ukiweka maandishi, zikiona yanafanana na namba zinayageuza kuwa namba kwanza ndipo zinalinganisha, na Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Kuanzia ya 16 zote zinakuwa sifuri. Namba ya akaunti ya benki hapa kwetu inaanza na kodi ya benki na ya tawi, halafu ndiyo akaunti yenyewe, na ni ndefu kuliko 15. Wateja wa tawi moja wanatofautiana mwishoni, pale ambapo fomula haioni.

Dawa yake ni kuweka herufi mbele ili isiweze kugeuzwa namba. Tengeneza safu ya G:

```
=SI(F2="";C2;"R"&SUBSTITUE(SUBSTITUE(F2;" ";"");CAR(160);""))
```

CAR(160) ni ile nafasi tupu inayokuja ukinakili kutoka ukurasa wa benki. Kwa macho ni kama nafasi ya kawaida, kwa Excel ni kitu kingine, na kusafisha kwa kawaida hakuigusi. Iangalie na kwenye kiasi pia: ikiwa 4 848,80 imekaa upande wa kushoto wa seli, hiyo huenda ni maandishi, na inaweza isilingane na ile iliyo namba.

Ile SI ya mwanzo usiiondoe. Bila hiyo, wauzaji wasio na akaunti ya benki wote wangebaki na "R" tupu na wangehesabiwa kama mtu mmoja. Hao wanatumia kodi yao.

Halafu safu ya H:

```
=NB.SI.ENS($G$2:$G$1841;G2;$E$2:$E$1841;E2;$B$2:$B$1841;">="&B2-45;$B$2:$B$1841;"<="&B2+45)
```

mhasibu_kampemba

IMETOKA! Matairi yametoka, mistari yote miwili, 14/03 na 02/04, kodi mbili akaunti moja. Ndugu nabii, aksanti sana, nilikuwa nimeanza kuogopa macho yangu.

Ila sasa nina mistari 131. Kodi ya nyumba ya ofisi, ulinzi, intaneti, kila mwezi kiasi kilekile. Nikiongeza mafuta, sitamaliza mwaka huu. Nipunguze siku ziwe 20?

nabii_wa_data

Ndiyo, punguza. Kodi ya nyumba ni siku 30, ukiweka 25 inaondoka yote.

mama_hesabu

Hapo sikubaliani. Matairi yamepishana siku 19, yangebaki, ni kweli. Lakini karatasi iliyokaa kwa msimamizi wa eneo la Kolwezi mwezi mzima utaipoteza. Siku 45 ziache, ondoa ya kila mwezi kwa njia nyingine.

Chukua mlinzi. Miezi tisa, malipo tisa ya kiasi kimoja: sawa, mstari huo umejieleza, weka pembeni. Lakini hesabu kweli, usiseme tu "huyu ni wa kila mwezi" ukapita. Ukihesabu malipo kumi ndani ya miezi tisa, la kumi ndilo unalolitafuta, na hujificha vizuri sana katikati ya wenzake. Nimeshakuta kodi ya nyumba ya kampuni moja iliyolipwa mara mbili kwa mwezi mmoja, na watu watatu walikuwa wameitazama wakasema ni kawaida.

Kitu cha pili, tazama sura ya kiasi. Dola 500 zikijirudia kwa fundi wa magari hazisemi kitu, kazi nyingi bei yake ni 500. Lakini 4 848,80? Hayo ni matairi 8 ya 522,50, yaani 4 180, na TVA ya 16% juu yake. Kiasi chenye senti namna hiyo hakitokei mara mbili kwa muuzaji mmoja bila sababu. Anza na vyenye senti, malizia na vya mviringo.

sekretari_wa_mradi

Niko Bukavu, kwenye shirika. Nataka kusema kitu kuhusu zile jozi mbili za kugawa nusu kwa nusu. Kwetu hiyo ndiyo shida kubwa. Fakture moja inalipwa na wafadhili wawili, nusu kila mmoja. Kwenye daftari ni siku moja, muuzaji mmoja, kiasi kimoja. Mkaguzi aliyekuja mara ya kwanza alizipaka nyekundu zote, na mratibu wetu karibu alie. Sasa kabla ya kulinganisha tunajumlisha kwanza mistari yenye namba moja ya hati ya malipo, ndipo tunatafuta. Nusu mbili zinageuka kuwa kitu kimoja na hazijitokezi tena.

Na kujumlisha kunafichua kingine. Mwaka mmoja tulikuta fakture iliyogawanywa nusu mwezi wa pili, halafu ikalipwa nzima mwezi wa nne. Mstari kwa mstari haiwezi kuonekana, kiasi si sawa.

mama_hesabu

Hilo ni zuri sana, dada wa Bukavu. Kampemba, fanya hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

mwenye_kese

Mimi ninashika kese kwenye kampuni nyingine hapa Lubumbashi, nilisoma uzi wote. Mnatafuta kiasi sawa, lakini yaliyotupata sisi hayakuwa sawa. Muuzaji wa vipuri alileta fakture ya dola 1 250. Benki ikatuma 1 250. Siku nane baadaye kijana wake akaja na nakala, bosi hayupo, nikamlipa kwa franka kutoka kese, kwa kiwango cha siku ile cha 2 800. Yaani 3 500 000. Kwenye daftari moja imeandikwa 1 250 na nyingine 3 500 000. Fomula yenu ingeona nini?

nabii_wa_data

Isingeona kitu. Inabidi safu nyingine ya kiasi kwa dola, franka zikigawanywa kwa kiwango cha siku ya malipo. Na hapo usitafute usawa kamili, kwa sababu kese na benki hazitumii kiwango kimoja. Ruhusu tofauti ya asilimia 2 juu na chini. Itakuletea takataka nyingi, nasema mapema.

mwenye_kese

Kwetu kiwango cha kese na cha benki kilipishana zaidi ya hapo siku fulani. Asilimia 2 isingetosha.

mama_hesabu

Kwa hiyo kwa franka ninafuata njia nyingine kabisa. Ninachukua kila malipo ya kese yaliyokwenda kwa muuzaji mwenye akaunti ya benki, na ninauliza: kwa nini huyu alilipwa mkononi? Kwa kawaida ni machache, unaweza kuyasoma yote kwa macho kwa asubuhi moja.

mhasibu_kampemba

Nimerudi baada ya siku nne. Nimefanya yote kwa mpangilio: nimejumlisha kwa hati ya malipo, nimetumia safu ya G, siku 45, nimeweka pembeni ya kila mwezi baada ya kuhesabu. Kutoka 131 nimebaki na mistari 22, yaani jozi 11. Nikaenda kabatini na taarifa za benki mkononi.

Saba ni kazi mbili kweli, kila moja na boni yake ya kupokea mali, tarehe na sahihi tofauti. Moja ilinichanganya: malipo ya 06/06 na ya 13/06, fakture moja, namba moja. Nikasema nimeipata. Lakini kwenye taarifa ya benki pesa ya tarehe 6 ilirudi tarehe 11, akaunti ilikuwa imefungwa. Sisi hatukuandika ile iliyorudi. Kwa hiyo daftari lina kosa, lakini pesa ilitoka mara moja.

Zimebaki tatu. Matairi, 4 848,80. Vichungi vya mafuta, 731,96. Na ya tatu ni kukodi kreni huko Likasi, 1 392, siku 33 kati yake. Ningeweka 25 ingenipita.

mama_hesabu

1 392 ni 1 200 na TVA. Kreni inaweza kukodiwa mara mbili kwa bei ileile. Karatasi ya saa za kazi ya kreni unayo?

mhasibu_kampemba

Ninayo moja tu. Ya pili msimamizi wa Likasi anasema ipo kwenye gari lake, ananiambia hivyo tangu Jumatatu.

Vichungi muuzaji amekubali bila maneno, anatoa noti ya kredi. Mzee wa matairi nilimwomba orodha ya hesabu yake kama mama alivyosema, na kweli: mwezi wa saba alikuwa ameshakata 2 000 kwenye fakture yetu nyingine bila kuandika sababu. Zimebaki 2 848,80, na anasema tuchukue matairi.

fundi_wa_jedwali

Sasa zile kodi mbili, F0112 na F0387, ziunganishe leo.

mama_hesabu

Zisiunganishwe katikati ya mwaka, fundi. Fakture na malipo yaliyokwisha kuoanishwa chini ya F0387 yatafunguka yote. Funga kodi mpya isipokee kitu tena, mwisho wa mwaka hamisha salio.

fundi_wa_jedwali

Mama, ukiiacha wazi miezi mitatu zaidi kuna mtu ataitumia.

mama_hesabu

Nimesema ifungwe, sikusema iachwe wazi. Kampemba, programu yenu inaruhusu kufunga kodi moja bila kuifuta?

mhasibu_kampemba

Sijui, nitauliza kesho asubuhi kwa aliyeisimika. Na nitapita Likasi mwenyewe kutafuta ile karatasi ya kreni.